Ripoti ya CMM imekuja kwa simu: DEV yasemaje, na ile goroli ya probu imetolewa hesabuni? Maswali tunayoulizwa sana

Sisi tuko Malindi, karakana ndogo tu, mashine ya kukereza moja na drili ya kusimama. Kazi zinazotaka usahihi zaidi ya mashine yetu tunazituma Mombasa, zinarudi na basi zikiwa zimefungwa gunia, halafu ripoti ya vipimo kutoka CMM, mashine yao ya kupimia kwa kugusa, inakuja kwa WhatsApp. Hapo ndo simu huanza kulia, manake wenye vyombo wa hapa na wa Lamu wakiona rangi nyekundu kwenye ripoti wanadhani pesa imeingia baharini. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika hapa. Mfano ntakaotumia sana ni hauzing ya beringi 6206 iliyokuwa ya mashua moja ya Lamu, beringi inayoshika shafti katikati ya injini na propela (propela wazee wa Amu bado wanaiita rafadha, na ni neno zuri tu).

Kwani hii mashine inapima nini haswa, mbona goroli inaingia kwenye hesabu?

CMM ina mkono unaoshuka na kijiti, ndo hiyo probu, na mwisho wa kijiti kuna goroli ndogo ya yakuti, mara nyingi kipenyo chake milimita 2 au 3 hivi. Goroli ikigusa chuma, mashine inanasa pale ilipo. Sasa hapa ndo pa kuelewa: kile inachonasa ni mahali *katikati ya goroli* ilipokuwa. Pale goroli ilipogusana na chuma yenyewe haipaoni. Chuma iko mbele kidogo, umbali wa nusu kipenyo cha goroli.

Chukua embe ulizungushe ndani ya sufuria likigusa ukuta. Kokwa lake litazunguka duara, lakini duara la kokwa ni dogo kuliko sufuria. Lizungushe kwa nje ya sufuria, duara la kokwa linakuwa kubwa kuliko sufuria. Mashine inaona kokwa tu. Programu ndiyo inatakiwa iongeze au itoe ule unene wa embe ili upate sufuria yenyewe, na kazi hiyo ndiyo inaitwa kompenseshen. Ikizimwa, au ikiwa imepewa saizi ya goroli isiyo yake, ripoti bado itatoka safi na nembo juu na kila kitu, ila namba ni za kokwa.

Naanzia wapi kusoma? Safu ni nyingi nachanganyikiwa

Anza na tatu tu. `NOMINAL` ni kile mchoro ulichotaka. `MEAS` ni kile mashine inadai imekuta. `DEV` ni `MEAS` kutoa `NOMINAL`, basi, hakuna uchawi. Halafu `+TOL` na `-TOL` ni ruhusa uliyopewa kupanda na kushuka, na `OUTTOL` ni kiasi ulichopita hiyo ruhusa. `OUTTOL` ikiwa `0.000` kipimo hicho kimepita.

Watu wengi wanaruka moja kwa moja hadi `OUTTOL` kwa sababu ndo yenye rangi. Mimi nawaambia someni `DEV` kwanza tena kwenye mistari yote, bila kuhukumu, kwa sababu mpangilio wa zile `DEV` ndo unaokwambia kama shida ni ya chuma au ya upimaji, na `OUTTOL` imeshaufuta mpangilio huo.

DEV ina alama ya kutoa, si ina maana wamekata sana?

Inategemea ni kipimo cha nini. Kwa shafti, kutoa maana yake imekuwa nyembamba, wamekula chuma kupita. Kwa tundu ni kinyume, kutoa maana yake tundu ni dogo, bado kuna chuma ya kuondoa, na hiyo unaweza kuirudisha kwenye mashine ikamaliziwa. Tundu lenye `DEV` ya kuongeza iliyopita ruhusa, hapo ndo penye kilio.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, ripoti nyingi huandika `-TOL` bila alama, yaani `0.030` pale ina maana kushuka 0.030. Wa pili ni tundu la bolti lililoko upande wa kushoto wa kati. `NOMINAL` yake ya X ni `-50.000`, `MEAS` ni `-50.020`, `DEV` inatoka `-0.020`, mtu anasema tundu limesogea ndani. La hasha, limesogea nje, mbali na kati, kwa sababu namba inazidi kuzama upande wa kutoa. Chora msalaba wa X na Y kwenye karatasi kabla hujabishana na mtu.

Nitajuaje kama goroli haikutolewa?

Hili ndilo swali lenyewe, na hapa naleta ile hauzing. Nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi simu ikaingia, nahodha wa Lamu, mashua yake iko juu ya mchanga na injini iko wazi. "Fundi, hii kazi wameiharibu yote, nyekundu tupu, na mimi nimeshalipa." Nikamwambia, "Nahodha nitumie hiyo ripoti yote, usikate picha." Mistari iliyohusika ni hii:

```
       AX  NOMINAL  +TOL   -TOL   MEAS     DEV     OUTTOL
CYL1   D   62.000   0.030  0.000  60.036  -1.964   1.964
CYL2   D   80.000   0.000  0.030  81.968   1.968   1.968
DIST1  M   24.000   0.100  0.100  26.018   2.018   1.918
DIST2  M   17.000   0.050  0.050  17.015   0.015   0.000
CIR3   X   50.000   0.100  0.100  50.012   0.012   0.000
```

`CYL1` ni tundu la kukalia beringi, 62 H7, yaani 62 na ruhusa ya kupanda tu, hadi 0.030, manake beringi 6206 ina kipenyo cha nje 62. `CYL2` ni ile shingo ya nje inayoingia kwenye flenji nyingine, 80 h7, yaani 80 na ruhusa ya kushuka tu. `DIST1` ni unene kutoka uso wa mbele hadi uso wa nyuma. `DIST2` ni kina kutoka uso wa mbele hadi kile kidaraja ndani ambapo beringi inasimama. `CIR3` ni mahali pa kati ya tundu moja la bolti.

Sasa zitazame `DEV`. Tundu limepungua karibu 2. Shingo ya nje imezidi karibu 2. Unene umezidi karibu 2. Kina na tundu la bolti ziko sawa kabisa, kwenye maikroni chache. Fundi aliyekosea hakosei hivyo. Akikosea zana au akisoma mchoro vibaya anaharibu kimoja, viwili, na kila kimoja kwa kiasi chake. Hapa kila cha ndani kimepungua na kila cha nje kimezidi, kwa kiasi kile kile, na kiasi chenyewe kinakaribia kipenyo cha goroli. Nikashuka kwenye kichwa cha ripoti, ncha iliyotumika imeandikwa ni ya milimita 2. Basi, nikamwambia nahodha avute subira, chuma yake labda haina neno.

Mbona kina na mahali pa tundu havikuharibika?

Kwa sababu kina kinapimwa kati ya nyuso mbili zinazotazama upande mmoja. Goroli imekuja kutoka juu kote kuwili, kwa hivyo kote kuwili kokwa iko juu ya chuma kwa kiasi kile kile, ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta. Unene ni kinyume, uso mmoja umeguswa kutoka juu na mwingine kutoka chini, kila upande umeongeza nusu kipenyo, jumla goroli nzima. Mfereji ukipimwa kuta kwa kuta unapungua goroli nzima, kwa mantiki hiyo hiyo.

Na kati ya tundu haihami, kwa sababu goroli imegusa pande zote, duara la kokwa ni dogo lakini kati yake ni ile ile. Kipenyo cha matundu ya bolti ndicho kilichopungua, hata kwenye ripoti ile matundu ya 9 yalikuwa yakisomeka 7 na kidogo. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia "mbona pozishen zote ziko sawa, basi kompenseshen iko sawa," mwambie pozishen ya tundu haithibitishi chochote kuhusu goroli.

Kuna jingine linaficha kosa. Uso mmoja ukitazamwa peke yake bila goroli kutolewa ungetakiwa usomeke umepanda milimita 1, nusu kipenyo. Lakini kama uso huo huo ndio uliotumika kuwa sifuri ya Z, utasomeka `0.000` safi, maana sifuri yenyewe imepanda nao. Usitafute ushahidi pale, tafuta kwenye vipenyo na unene.

Si inaweza kuwa fundi ameacha nyama ya kumalizia?

Swali zuri, na aliyeniuliza ni kijana wangu wa karakana, wala si mteja. Ndiyo, kipande kilichoachiwa nyama milimita 1 kila upande kitatoa ripoti ile ile: tundu dogo, nje kubwa, unene umezidi, na kina sawa kama nyama ni sawa juu na kwenye kidaraja. Kwa ripoti peke yake huwezi kuapa.

Dawa yake ni venia. Milimita 2 si kitu cha kujificha, venia ya kawaida ya dukani inatosha, au hata beringi yenyewe. Nahodha nilimwambia, "Ichukue beringi uiweke mdomoni mwa tundu, usiipige nyundo." Tundu lingekuwa kweli 60.036 beringi ya 62 ingekaa juu ya mdomo kama kifuniko cha chungu. Akasema inaingia, inakwenda kwa kusukuma na kidole gumba. Hapo kesi ya nyama ikafungwa.

Basi naweza kuongeza 2.000 mwenyewe nikaendelea na kazi?

Hapana! Hapa ndo watu wazuri wanapoangukia. Jaribu kwenye mfano wetu, tundu 60.036 ongeza 2.000 unapata 62.036. Ruhusa ni hadi 62.030, kwa hiyo tundu limekataliwa kwa maikroni 6. Shingo 81.968 toa 2.000 unapata 79.968, ruhusa inaishia 79.970, nayo imekataliwa. Ungekuwa umetupa kipande kizima.

Shida ni kwamba goroli "ya 2" haifanyi kazi kama 2.000. Probu ya kugusa haitoi ishara sekunde ile ile inapogusa, kijiti kinajipinda kidogo kabla swichi ya ndani haijafunguka, na mkono unaendelea kusogea. Kwa hiyo mashine inanasa kokwa ikiwa karibu zaidi na chuma, na goroli inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndo maana kabla ya kazi wanaigusisha probu kwenye tufe la kupimia lenye saizi inayojulikana, na programu inapata kipenyo cha kikazi. Kwa kazi ile kilikuwa 1.988.

Rudia hesabu sasa: 60.036 ongeza 1.988 ni 62.024, limepita. 81.968 toa 1.988 ni 79.980, imepita. Unene 26.018 toa 1.988 ni 24.030, umepita. Tofauti ya maikroni 12 tu kati ya jina la goroli na saizi yake ya kikazi, na ndiyo iliyotenganisha kipande kizuri na chuma chakavu.

Kanuni ya kichwani ni hii, ibandike ukutani:

```
kosa la tundu      = d iliyotumika - d ya kweli
kosa la shafti     = d ya kweli - d iliyotumika
```

`d` ni kipenyo cha goroli, na `d ya kweli` hapa ni ile ya kikazi. Kompenseshen ikiwa imezimwa, `d iliyotumika` ni 0, ndo unapata ile karibu 2. Ikiwa wamepima na goroli ya 3 huku programu inadhani ni ya 2, tundu litapungua karibu 1. Ikiwa imetolewa mara mbili, yaani mashine imetoa halafu mtu wa kompyuta akatoa tena, alama zinageuka: tundu linakuwa kubwa kwa karibu 2 na shafti nyembamba kwa karibu 2. Hilo nimeliona kwa faili za pointi zaidi kuliko kwa ripoti.

Na kosa likiwa dogo, kama maikroni 10 hivi, ntaliona?

Kwa macho hutaliona kirahisi, na ndilo la hatari kuliko lile la 2 mm ambalo hata mtoto analiona. Kijiti kimebadilishwa au kimegongwa na hakikupimwa upya kwenye tufe, kila tundu linasogea upande mmoja na kila shafti upande wa pili, kidogo kidogo. Angalia kama `DEV` za matundu zote zimeegemea upande mmoja na za nje zote upande mwingine kwa kiasi kinacholingana. Ila usihukumu haraka, maana zana iliyolika nayo huacha tundu dogo na nje kubwa. Cha kuamua ni ringi ya kupimia: waombe wapime ringi yenye saizi inayojulikana kwa ncha ile ile, programu ile ile, wakutumie matokeo. Ringi ya 50.000 ikisomeka 49.990 umeshapata jibu lako.

Ripoti haisemi kompenseshen iko ON au OFF. Niulize nini?

Nyingi hazisemi. Usiulize "mmekompenset?" kwa sababu jibu litakuwa "ndio" kabla hujamaliza sentensi. Uliza wakutumie programu ya upimaji, ni maandishi tu. Kama imeandikwa kwa lugha ya DMIS tafuta mstari huu:

```
PRCOMP/OFF
```

Ukiwa `PRCOMP/OFF` umesimama kabla ya vipimo na hakuna `PRCOMP/ON` baadaye, umempata mwizi. Programu nyingine zina jina lao kwa kitu hicho hicho. La pili uliza kipenyo cha kikazi cha ncha na tarehe iliyopimwa kwenye tufe. Mtu akikujibu "2.000" kamili yenye sifuri tatu, mimi huwa natia shaka, sijawahi kuona tufe likitoa namba nzuri hivyo kwa probu ya kugusa.

Kwa ile hauzing, karakana ya huko (siitaji, walikuwa waungwana mwishowe ingawa siku ya kwanza walitubishia sana) walikuta mtu aliizima kompenseshen kwa kazi nyingine iliyotaka pointi za kokwa, akaisahau. Tukarudisha kipande, wakawasha, wakapima upya. Tundu likatoka 62.024, shingo 79.980. Nauli ya basi kwenda na kurudi tuligawana.

Na koni ya shafti ya propela, au sehemu zenye mteremko?

Hapa kompenseshen inaweza kuwa ON na bado ikakosea, kwa sababu kuna suala la *upande gani* goroli inatolewa. Ukipima pointi moja moja, programu inatoa nusu kipenyo cha goroli, R, kufuata mwelekeo ulioandikwa. Uso ukiwa umeinama kuliko mwelekeo huo, pembe θ, kosa linakuwa:

```
R * (1/cos(θ) - 1)
```

Koni ya kawaida ya shafti za boti ndogo ni 1:10, upande mmoja umeinama kama digrii 2.9. Kwa goroli ya R milimita 1 kosa ni kama maikroni 1.2, kwa kipenyo mara mbili yake, usijisumbue. Uso ulioinama digrii 10 ni maikroni 15, hapo sikiliza. Na ukingo uliokatwa digrii 45 ukipimwa kana kwamba ni ukuta wima, ni 0.414 mm, yaani karibu nusu milimita na kila mtu anaapa kompenseshen iko ON, na kweli iko. Koni yote ikipimwa kama koni, pointi nyingi kwa pamoja, programu inautafuta mwelekeo yenyewe na shida hii inaondoka.

Venia yangu hapa Malindi inasema tofauti na ripoti, joto si ndo sababu?

Kidogo. Vipimo vinahesabiwa kwa digrii 20, na karakana yetu saa nane mchana ni 30 na zaidi. Chuma ya 62 mm kwa digrii 10 za ziada inavimba kama maikroni 7. Venia haioni hiyo, na haiwezi kuelezea 2 mm hata jua likishuka mezani. Ila ukibishania maikroni 6 kwa maikromita hapa kwetu, kwanza acha kipande, maikromita na mikono yako vipoe mahali pamoja usiku kucha, upime alfajiri.